Riba ya asilimia 18 iliyokuwa 45: soma ratiba ya marejesho kabla ya kusaini

Msimu wa alizeti nilihitaji milioni 6 ninunue mbegu Kongwa kabla bei haijapanda. Taasisi ya kwanza niliyoingia hapa mjini Dodoma iliniambia riba ni asilimia 18 kwa mwaka, "flati". Ya pili ilisema asilimia 24, ila inapungua kadiri deni linavyopungua. Nikachagua 18. Ndugu zangu, nilichagua mkopo wa bei ghali, na ninaandika haya ili wewe usirudie.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, mhasibu. Mkopo ulikuwa umeshafika mwezi wa tatu alipoiomba ile karatasi ya ratiba ya marejesho. Hakuanza na hesabu ngumu. Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho akaniuliza, "Shemeji, mwezi wa kumi na mbili utakuwa bado unadaiwa mtaji kiasi gani?" Nikasoma: laki 5. "Na riba ya mwezi huo?" Elfu 90. Tukatazamana. Elfu 90 juu ya laki 5 ni asilimia 18 kwa mwezi mmoja.

Siri ya flati iko hapo. Asilimia 18 ya milioni 6 ni 1,080,000. Wanaijumlisha kwenye mkopo, inakuwa 7,080,000, wanagawa kwa 12, rejesho linakuwa 590,000 kila mwezi. Lakini milioni 6 sikukaa nazo mwaka mzima. Kila mwezi nilirudisha laki 5 ya mtaji, ila riba iliendelea kuhesabiwa kama vile sijarudisha hata senti. Ukichukua deni la mwezi wa kwanza (milioni 6) na la mwezi wa mwisho (laki 5), wastani wake ni 3,250,000. Hizo ndizo fedha nilizokuwa nazo kwa wastani. Gawa 1,080,000 kwa 3,250,000, unapata kama asilimia 33. Hesabu hiyo unaifanya kwa kikokotoo cha simu ukiwa umekaa mbele ya afisa mikopo, na inatosha kukuonya.

Ukitaka jibu kamili, fungua Excel au Google Sheets, kwenye simu pia inakubali. Andika idadi ya miezi, rejesho likiwa na alama ya kutoa, kisha fedha uliyopokea:

```
=RATE(12,-590000,6000000)
```

Inaleta takriban 2.64%, ikiwa imekadiriwa kwenye desimali mbili. Hiyo ni riba ya mwezi. Usiizidishe kwa 12 ukaishia hapo, kwa sababu fedha unayolipa kila mwezi nayo ingekuzalishia mkononi mwako. Riba halisi ya mwaka ni hii:

```
=(1+RATE(12,-590000,6000000))^12-1
```

Jibu ni kama asilimia 36.8. Ukisahau ile alama ya kutoa, utaona `#NUM!`; usidhani simu imeharibika.

Sasa jambo lililoniuma zaidi. Milioni 6 kamili hazikuingia kwenye akaunti yangu. Walikata ada ya mkopo asilimia 2 na bima asilimia 1, jumla 180,000, nikapokea 5,820,000. Marejesho hayakupungua. Ukiweka 5820000 mahali pa 6000000 kwenye kanuni ileile, riba halisi inapanda hadi takriban asilimia 45. Kwa hiyo weka fedha iliyoingia mkononi, usiweke iliyoandikwa kwenye mkataba.

Angalia pia jinsi ratiba ilivyoandikwa. Yangu ilionyesha riba ya elfu 90 mistari yote, hivyo ilikuwa rahisi kuigundua. Lakini kuna taasisi inayokutajia flati, kisha mfumo wake unachapisha riba inayoanza juu na kushuka. Rejesho ni lilelile 590,000, ila mwezi wa kwanza riba inasomeka kama 158,600. Usitulizwe na kule kushuka. Gawa riba ya mwezi wa kwanza kwa mkopo, utaikuta ileile 2.64%. Na ukitaka kumaliza deni mapema, ratiba ya namna hiyo itakuonyesha mtaji mkubwa zaidi uliobaki, kwa sababu miezi ya mwanzo ulilipa riba zaidi.

Kama umepewa mwezi mmoja au miwili ya kusubiri, au marejesho hayalingani, `RATE` haifai. Panga fedha mwezi kwa mwezi kwenye safu moja, uliyopokea ikiwa chanya na unazolipa zikiwa hasi, mwezi usiolipa ukiandika 0, kisha tumia `IRR`.

Baadaye tuliipigia hesabu ile ya asilimia 24 niliyoikataa, kwa milioni 6 na miezi 12 ileile. Rejesho lingekuwa kama 567,360, na riba ya mwaka mzima kama 808,000 badala ya 1,080,000. Mwezi wa mwisho riba yake ingekuwa takriban 11,100. Yangu ilikuwa bado elfu 90.