Utani wa mwalimu darasani: maswali yenu na majibu

*Naanza kazi Januari na nimepewa Kidato cha Kwanza chenye wanafunzi zaidi ya 70. Walimu wakongwe wananiambia nisionyeshe meno mpaka likizo ya Juni, eti ukicheka na nyani utavuna mabua. Ni kweli?*

Nusu kweli. Mwalimu anayeanza na mzaha kabla darasa halijajua taratibu zake atatumia mwaka mzima kuomba kimya. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza weka mambo ya msingi: wanaingiaje, wananyoosha mkono lini, daftari zinakusanywa siku gani.

Lakini kukunja uso hadi Juni kwa Kidato cha Kwanza ni hasara. Watoto hao wengi wametoka Darasa la Saba walikofundishwa kwa Kiswahili, na sasa ghafla kila somo ni Kiingereza. Anayejua jibu hasemi, kwa sababu anaogopa kuchekwa na wenzake kabla hajamaliza sentensi. Uso wako ukiwa mkavu, hofu ile inaongezeka.

Anza kwa kujitania mwenyewe. Umechora ramani ya Afrika ubaoni imetoka kama embe lililopondeka? Sema hivyo kabla wao hawajanong'ona. Wakiona mwalimu anachekwa lakini dunia haianguki, wataelewa kuwa hapa kukosea hakuui. Baada ya hapo tania kazi yenyewe, kisha kundi zima: "Mkondo B wamesema swali hili ninyi hamliwezi, mimi nimewatetea, msiniangushe." Kumtania mwanafunzi mmoja mmoja kuje mwisho kabisa, ukishajua jina lake na ukishamsikia akiongea kwa hiari yake.

*Mimi sina kipaji cha kuchekesha. Nipe mfano wa utani ambao mtoto haumizwi nao.*

Kipaji hakihitajiki sana. Kinachohitajika ni kujua utani unamgonga nani. Chukua Hisabati, hesabu za namba hasi. Mwanafunzi ameitwa ubaoni, ameandika 3 − 8 = 5. Darasa limeanza kuguna.

Njia mbaya unaijua: "Wewe, hata mdogo wako wa chekechea angepata." Darasa litacheka, na wewe utadhani mambo yanakwenda vizuri. Lakini umemcheka yeye, na jibu bado liko ubaoni likiwa na kosa lake.

Sasa geukia jibu. Liangalie kwa makini, kana kwamba limekuvutia: "Ngoja kwanza. Una shilingi 300, umekwenda dukani umechukua kitu cha 800, halafu umerudi na chenji ya 500? Duka hilo liko wapi, darasa zima twende leo?" Watacheka duka. Mtoto naye atacheka, na ukimwachia sekunde chache atakujibu kitu. Jibu ambalo ningetamani kila mwalimu alisikie ni hili: "Mangi amenikopesha, mwalimu." Hapo ameshalipata! Deni ndilo hilo lenye alama ya kutoa. Mpe chaki airekebishe mwenyewe: 3 − 8 = −5. Anarudi kwenye dawati akiwa ndiye aliyemalizia utani, na darasa linaondoka na picha ya deni dukani ambayo itawasaidia hadi mtihani.

Mambo matatu yamefanya kazi hapo. Utani uligusa kitu kinachorekebishika kwa dakika moja. Ulibeba somo ndani yake. Na mtoto alipewa nafasi ya kujibu. La tatu ndilo walimu wengi hulisahau: wanatania, darasa linacheka, halafu wanaendelea na swali la pili. Mtoto anabaki amesimama ubaoni na kicheko cha watu 70 mgongoni.

Akikaa kimya, usimsubiri mpaka aaibike. Jijibu mwenyewe, "labda muuzaji amekukopesha," kisha mwonyeshe pa kuanzia.

*Mimi ni Mngoni, nafundisha Iringa ambako wanafunzi wengi ni Wahehe. Mtaani tunataniana bila shida. Darasani je?*

Mtani wangu, mtaani endelea. Darasani mambo ni mengine.

Utani wenu una mizizi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na uhasama ule ukaja kugeuka utani. Wanyamwezi na Wazaramo nao walizoeana kupitia misafara iliyoteremka pwani hadi Bagamoyo. Lakini popote ulipo, utani una masharti yake. Mtani ana haki ya kurudisha, tena kwa ukali ule ule. Na ana wajibu: siku ya msiba ndiye anayekuja, anashika kazi na kuwachekesha wafiwa pale ambapo mtu mwingine asingethubutu. Mzee wa Kihehe ukimrushia neno sokoni atakurudishia mawili, na hakuna aliyemzidi mwenzake.

Mtoto wa miaka 13 hana haki hiyo mbele yako. Una kalamu nyekundu, una daftari la mahudhurio, na katika shule nyingi una fimbo. Akikujibu kwa ukali ule ule ataambiwa hana adabu. Huo ni utani wa upande mmoja, na utani wa upande mmoja ni kejeli.

Tena darasani hamko wawili. Kuna Mbena, kuna Mkinga, kuna mtoto wa mtumishi aliyehamishwa kutoka Mtwara. Maneno yako kuhusu Wahehe na nyama ya mbwa watayabeba hadi uwanjani, watayatumia bila ule undugu wa msibani, na wakiulizwa watasema wameyasikia kwa mwalimu.

Unachoweza kufanya ni kujitania Ungoni wako. Sema, "Mimi Mngoni, nimefika huku bila mkuki, nimekuja na chaki tu." Wao wakicheka na mmoja akathubutu kurusha neno, mpokee kwa furaha. Usirudishe la kumhusu yeye.

*Nafundisha Kiswahili Darasa la Tano. Mtoto alisoma "wananchi walikwenda kupiga kula" na darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Nifanyeje mara nyingine?*

Kicheko kilichokutoka si dhambi. Kilichofuata ndicho cha kuangalia. Kuchanganya r na l hutokana na lugha ya nyumbani. Ukilitania, umeitania sauti ya mama yake, na yeye hawezi kuibadili kabla ya kengele. Kwa hiyo tofauti na lile deni la dukani, hapa usitanie kabisa.

Mara nyingine, darasa likicheka, wewe soma sentensi ile kwa usahihi, kwa sauti ya kawaida, kama unayeendeleza hadithi: "Wananchi walikwenda kupiga kura. Ehe, endelea." Usimwambie arudie mbele ya watu. Akirudia na kukosea tena, na huenda akakosea kwa sababu ya hofu, kicheko cha pili ndicho kitakachomfunga mdomo.

Siku nyingine, bila kumtaja, fanya zoezi la matamshi kwa darasa zima. Andika kitanza ndimi ubaoni, kama kile cha "wale wari wa Liwali wala wali wa Liwali." Anza wewe, kwa kasi, mpaka ulimi wako ukwame. Wacha wakucheke. Kisha safu kwa safu, wote kwa pamoja, polepole halafu haraka. Mle ndani kila mtu atateleza, na yule wa "kula" atateleza katikati ya wenzake. Rudia dakika tatu kila wiki, sauti itaanza kunyooka bila mtu kunyooshewa kidole.

*Nilimwita mwanafunzi "Profesa" kwa sababu ya miwani yake. Alicheka. Sasa shule nzima inamwita hivyo, na naona hanyooshi mkono tena. Je, amechukia?*

Dalili ndiyo hiyo. Kicheko cha aliyetaniwa si ushahidi wa kitu, maana mtoto hucheka ili jambo lipite. Angalia yanayofuata baada ya siku tatu au nne: amehama dawati kwenda nyuma, anasubiri wenzake watoke ndipo atoke, anajibu akiitwa tu. Angalia pia miwani yenyewe. Wengine huanza kuivua wakiingia darasani, na hapo ubao hawauoni tena.

"Profesa" lilionekana sifa, lakini lilishika kitu kilicho usoni mwake ambacho hakukichagua. Majina ya utani yanayotoka kwa mwalimu hunata kuliko yanayotoka kwa wanafunzi, kwa sababu yana muhuri wako.

Leo hii acha kulitumia, mwite kwa jina lake. Kisha zungumza naye peke yake, mkiwa mnatembea koridoni au mkibeba daftari, si ofisini. Kuitwa ofisini ni kesi. Usimuulize "umekasirika?" maana atasema hapana. Mwambie: "Lile jina nililianzisha mimi na naona limeenea. Unataka niliondoe mbele ya darasa au life kimyakimya?" Mwachie achague. Wapo watakaosema hadharani, na wapo ambao kutajwa tena ni kuongezewa aibu.

Akitaka hadharani, sentensi moja inatosha: "Jina la Profesa nililileta mimi, leo nalifuta." Ukianza mahubiri ya dakika kumi juu ya ubaya wa kutaniana, umemsimamisha tena. Mnong'oneze na mwalimu wa darasa, maana wapo walimu wenzako wanaolitumia wakidhani ni upendo. Halafu katika wiki zinazofuata muulize maswali unayojua anayaweza, na akijibu usimsifu kupita kiasi.

*Mimi ni mwalimu wa kiume, umri umekwenda. Wasichana nawaita "mchumba wangu" kama babu anavyowatania wajukuu. Kuna ubaya?*

Acha. Babu ana bibi pale pale anayemjibu, na ana ukoo mzima unaosikiliza. Wewe si babu yao, ni mtu anayesahihisha mitihani yao. Msichana asiyependa neno hilo hana pa kulipeleka, na mwalimu mwingine mwenye nia mbaya atajificha nyuma ya mazoea uliyoyaanzisha wewe.

*Na wao wakinitania mimi? Juzi mmoja aliniuliza kama Yanga tumelipa bili ya maji, maana tulikuwa tunalia tangu Jumamosi.*

Huyo mshikilie! Amekutania juu ya kitu ulichokichagua mwenyewe, kwa lugha safi, na amechukua nafasi uliyoiacha wazi. Cheka, mjibu kuhusu Simba yake, kisha sema "tufungue ukurasa wa 42" na ufungue kweli. Akianza juu ya mshahara wako, mke wako au upara wako, usimtie aibu kwa kumjibu vile vile. "Hapo umepita mpaka," kwa sauti ya chini, inatosha, na mnaendelea na somo.