Utangulizi wa Kaole: urekodi kabla wageni hawajafika

Kijana mmoja ninayemwelekeza kazi ya kutembeza wageni hapa Bagamoyo aliniletea utangulizi wake wa magofu ya Kaole, kauandika vizuri kwenye daftari. Nikamwambia alifunge daftari, asimame, ajirekodi kwa simu. Tulikuwa tumepanga dakika moja na nusu, maana wageni waliosimama juani hawavumilii zaidi. Ukatoka dakika 2 na sekunde 40.

"Dada, mbona kwenye daftari ni mfupi?"

Nikamwambia asikilize bila kutazama alichoandika, afuate saa ya rekodi tu, na anakili sekunde ambayo mgeni anapewa kitu cha kwanza cha kutazama. Ilikuwa ya 25. Kabla ya hapo ni "ndugu wageni wetu, karibuni sana katika eneo hili la kihistoria ambalo ni miongoni mwa maeneo muhimu..." Tukafuta yote. Sasa anaanza: "Karibuni Kaole. Ukuta huu mbele yenu ni wa msikiti wa karne ya 13, umejengwa kwa mawe ya matumbawe." Sekunde nane, na macho yote yako ukutani.

Kingine kilichokula muda ni miaka. 1891 ni tarakimu nne tu kwenye karatasi, lakini itamke: elfu moja mia nane tisini na moja. Yeye alikuwa ameweka mitatu: 1868 misheni ilipoanzishwa, 1874 mwili wa Livingstone ulipopitishwa hapa, na 1891 Wajerumani walipohamishia makao makuu Dar es Salaam. Yote ni kweli, ila hakuna hata mmoja unaohusu ukuta ule. Tukaihamishia mjini, aitaje mgeni akiwa amesimama mbele ya mnara wa kanisa au boma lenyewe.

Usikilizaji wa pili ni wa kalamu. Weka alama kila sauti inapozama. Kwake ilizama mwishoni mwa sentensi ndefu, pumzi imekwisha, na neno "makaburi" likamezwa, ilhali ndilo alilotaka lisikike. Usijilazimishe kuvuta pumzi zaidi; kata sentensi ziwe mbili, kisha urekodi tena.

Simu iweke hatua kadhaa mbele yako. Ukiishika mdomoni, kila neno litasikika safi, hata lile ambalo mgeni wa nyuma hatalipata. Anza ndani ya nyumba, kwani upepo wa pwani hufunika sauti kwenye rekodi. Na usihangaike sauti yako ikikushangaza: ukiongea unaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, rekodi haina hiyo.

Mimi hupendelea kusikiliza kesho yake. Ukisikiliza papo hapo, sikio linajijazia maneno ambayo mdomo haukuyasema sawasawa.

Rekodi ya nyumbani haina mgeni anayechelewa kusogea wala anayeuliza swali katikati. Kwa hiyo kama una sekunde 90, nyumbani ishia 75.