Aya ya mwisho: ifute au iache?

> Wakuu, nikifuta ile "kwa kuhitimisha" makala inakuwa kama imekatika ghafla, nifanyeje?

Mkuu, usiifute kichwakichwa, ichukue sentensi moja moja halafu panda juu utafute mwenzake. Tuseme makala ni ya kantangaze kwenye nyanya na mwisho umeandika hivi: "Kwa kuhitimisha, kantangaze ni mdudu hatari. Mkulima akague majani mapema na atumie mitego. Pia asivune mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe." Sentensi ya kwanza ipo kwenye utangulizi, futa, ya pili umeshaieleza vizuri kabisa huko katikati, futa. Ya tatu ndo ngoma, haipo popote juu na ni kitu kinachomgusa mlaji kabisa, sasa hiyo usiitupe, ihamishie pale unapoongelea kupuliza dawa.

Sasa hiyo ya kukatika ghafla. Mara nyingi shida ni mpangilio, yani umeishia kwenye kipengele kidogo kama bei ya mitego, ndo maana unahisi kuna kitu kinadai. Peleka bei juu kwenye mitego yenyewe, halafu kazi ya mwisho shambani iwe ndo sentensi ya mwisho: "Ukimaliza kuvuna, ng'oa masalia yote uyachome au uyafukie." Msomaji anajua kazi imeisha bila kuambiwa.

Ila kama ni insha ya shule na mwalimu anatoa maksi za hitimisho, liache, na ripoti ndefu ya ofisini nayo hivyohivyo maana bosi wengine wanasoma mwisho tu.