Kufupisha faili la bei za miamala na kampuni mama

"Nina faili la kurasa 90, kwa Kiingereza, kuhusu bei tunazouziwa na kampuni mama. Meneja wetu wa fedha hapa Dar anataka muhtasari wa Kiswahili. Nianzie wapi?"

Ndugu, anzia kwenye jedwali la miamala, si kurasa za historia ya kundi. Meneja anataka kujua nani anamlipa nani, kwa kitu gani, na kiasi gani. Kisha andika kazi ya kampuni yenu kwa sentensi mbili: mnanunua, mnauza, hasara ya mzigo ukiharibika inabebwa na nani.

Kinachofuata ndicho cha kukaa nacho. Tuseme mauzo ni shilingi bilioni 8, na faili linasema kampuni huru zinazofanana nanyi hupata faida ya uendeshaji ya asilimia 2 hadi 5. Chukua hesabu zilizokaguliwa, si bajeti. Mimi niliwahi kufupisha faili lililotumia bajeti ya asilimia 3, kumbe hesabu halisi zilitoa 1.2. Kwa mauzo hayo, 1.2 ni milioni 96, na kiwango cha chini ni milioni 160. Pengo ni milioni 64, na mamlaka ya kodi ikilihesabu kama faida yenu, kwa kodi ya asilimia 30 ni milioni 19.2, kabla ya adhabu na riba. Hiyo iwe aya ya kwanza.

Ukikuta pengo kama hilo, au ada ya usimamizi isiyo na ushahidi wa huduma, mwone mshauri wa kodi kabla ya kuwasilisha ritani. Kanuni za Tanzania za 2018 kuhusu bei za miamala ya aina hii zinataka faili liwe tayari kufikia siku hiyo.