Kioo cha laptopu kinacheza: kagua waya kabla ya kununua kingine

"Wakuu, kioo cha laptopu yangu kinacheza na kuweka mistari, hasa nikiwa nafungua kifuniko. Fundi anasema kioo kimekufa ninunue kingine, na bei aliyonitajia inakaribia nusu ya thamani ya mashine. Nikubali?"

Mkuu, usilipe bado. Niliwahi kuambiwa hivyohivyo, na kioo kilikuwa kizima.

Yangu ya inchi 15.6 ilianza kupepesa kidogo nikiinua kifuniko. Baada ya wiki chache mistari ya rangi ikawa inapita kioo kizima, halafu picha yote inageuka nyeupe. Nikikiacha kifuniko mahali fulani, inatulia hata saa nzima. Hiyo ndiyo iliyonitia shaka, maana kioo chenyewe hakijali kimeinama kiasi gani. Kinachojali ni waya unaotoka kwenye bodi kuu, unaopita kwenye bawaba na kupanda hadi nyuma ya kioo. Kila ukifungua na kufunga, unakunjwa palepale.

Kwanza, mistari ikiwa inaonekana, nilipiga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen nikaitazama kwenye simu. Ilikuwa safi. Maana yake kompyuta ilikuwa inachora vizuri, na hitilafu ilitokea picha ikiwa njiani kwenda kwenye kioo. Mistari ingeonekana hata kwenye simu, ningeshuku draiva au chipu ya picha. Nikaunganisha televisheni kwa HDMI, nako hakukuwa na tatizo.

Kisha nikaingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, ambako draiva zake hazijaanza kufanya kazi. Kioo kikaendelea kucheza, kwa hiyo nikaacha kuhangaika na programu. Nikiwa humohumo nikasogeza kifuniko taratibu sana, kutoka karibu kufungwa hadi mwisho. Kila mara mistari ilitokea kwenye pembe ileile, kupita kidogo usawa wa kusimama wima. Nikabonyeza kwa upole fremu ya chini ya kioo, si kioo chenyewe, na hakuna kilichobadilika.

Nilipofungua, nilikuta ganda la waya limechunika kwenye bawaba ya kushoto na nyuzi za shaba ziko wazi. Nikaagiza mwingine kwa namba iliyochapishwa juu ya waya wenyewe. Usiagize kwa jina la modeli pekee, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na waya wa pini 30 na mwingine wa pini 40, na haviingiliani. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya bei ya kioo niliyotajiwa.

Jambo moja nakusihi ulizingatie: kabla ya kugusa waya huo, zima mashine, chomoa chaja, kisha chomoa betri kutoka kwenye bodi. Waya huo hubeba pia umeme wa taa ya nyuma, na ukiuchomoa betri ikiwa imeunganishwa unaweza kuunguza fyuzi ndogo kwenye bodi. Hapo tatizo dogo linakuwa kubwa. Na kabla ya kununua chochote, uchomoe na kuuchomeka upya nyuma ya kioo. Wakati mwingine umelegea tu.

Fundi wako atakuwa sahihi iwapo mstari ni mmoja, wa wima, na hauhami hata ukisogeza kifuniko, hasa kama unatoweka ukibonyeza ukingo wa fremu. Hapo viunganishi vidogo vya ukingoni mwa kioo vimeachia. Doa jeusi linalotanuka kama wino nalo ni kioo kilichopasuka ndani. Hayo hayatengenezwi, ni kubadilisha tu. Sehemu yenye mwanga hafifu au pikseli chache zilizokufa ni za kioo pia, ila unaweza kuishi nazo. Mimi nisingetoa pesa kwa ajili ya pikseli mbili. Ikiwa kioo kizima ni giza, mulika tochi kwa upande: ukiona picha kwa mbali, kilichokufa ni mwanga wa nyuma, na hapo waya na fyuzi vikaguliwe kwanza.

Ikithibitika ni kioo, linganisha bei yake pamoja na ufundi na bei ya mashine kama hiyo iliyotumika. Mimi nikifika nusu naacha, isipokuwa bodi na betri viwe bado na nguvu. Kioo cha kugusa hupanda zaidi, kwa kuwa mara nyingi kimegandishwa na kifuniko cha mbele na hununuliwa kwa pamoja. Kama mashine haitoki mezani, kuiunganisha na skrini ya nje ni nafuu.

Fanya jaribio la picha ya skrini na la BIOS, kisha utuandikie mistari inatokea kifuniko kikiwa kwenye pembe gani, na kama pembe hiyo inajirudia.