Mishumaa ya saizi moja iliyonila dola 150

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka, nimechoka na M5 kwenye dhahabu. Nikihamia chati ya tiki au ya renji, nitaacha kupigwa stopu ovyo?" Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikakauka. Swali hilo niliwahi kumuuliza mtu aliyeniuzia kozi. Akanijibu kwa uhakika kwamba renji inaondoa kelele zote za soko. Nilipoweka hasara yangu kwenye kundi lake, nikatolewa kundini siku hiyohiyo. Bado inaniuma, nisidanganye.

Tuanze na tofauti. Mshumaa ni ile nguzo ya kwenye chati inayoonyesha bei ilivyopanda na kushuka. Wa M5 unafungwa dakika tano zikiisha, watu wafanye biashara au walale. Mshumaa wa tiki unafungwa miamala ikifika idadi uliyoweka, tuseme 1,000. Wa renji haujali saa wala miamala. Unafungwa bei ikishatembea umbali uliouchagua kutoka juu hadi chini. Inasemekana walioanza nao ni Wabrazili, treda wa São Paulo anayeitwa Vicente Nicolellis, miaka ya 1990, na soko lao lilikuwa linaruka kama panzi. Mimi nafanya MES, ile fyucha ndogo ya S&P 500 ya soko la Chicago. Hatua yake ndogo kabisa ni pointi 0.25, na kila pointi ni dola 5 kwa mkataba mmoja.

Kilichonitoa kwenye M5 ni asubuhi. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne kwa saa zetu, kabla Ulaya haijafungua, M5 inachora mishumaa 48, na kuna siku yote 48 imebanana ndani ya pointi sita. Mstari wangu wa wastani wa mishumaa 20 unakatwa juu, unakatwa chini, na mimi nanunua, nauza, nanunua. Sikuwa nakosea kusoma chati. Chati ndiyo ilikuwa inanipa mishumaa 48 ya kusoma wakati soko halikuwa na la kusema.

Nilipoweka tiki 1,000, asubuhi ileile mshumaa mmoja ulichukua kama robo saa. New York ilipofungua saa kumi na nusu jioni, mshumaa uleule ulichukua nusu dakika. Fikiria maana yake kwa wastani wa mishumaa 20: asubuhi unabeba saa tano, jioni unabeba dakika kumi. Unajinyoosha na kujikunja wenyewe. Hapo niliona raha, na hadi leo nasema kwa soko lililopoa tiki imeishinda M5. Ila kumbuka muamala wa mkataba mmoja unahesabiwa sawa na wa mikataba 200. Tiki inahesabu mara ngapi watu wamekutana sokoni, haisemi wamebeba mzigo kiasi gani.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini kozi ilisema renji, nikaweka renji ya hatua 8, yaani pointi 2. Chati ilikuwa nzuri ajabu. Mishumaa yote saizi moja, imefunga ama juu kabisa ama chini kabisa. Soko likipoa inakaa kimya hata dakika arobaini bila mshumaa mpya, nawe unakaa kimya nayo. Wiki tatu nilifanya faida, nikaanza kutoa ushauri kwa watu.

Ikaja siku ya takwimu za mfumuko wa bei za Marekani. Zinatoka saa tisa na nusu alasiri yetu wao wakiwa kwenye saa za kiangazi, na saa kumi na nusu wakiwa kwenye za baridi. Nilipanga kuingia na mikataba minne, na sheria yangu ilikuwa rahisi: mshumaa wa pili wa kushuka ukifungwa, uza, na stopu, ile amri ya kukutoa bei ikikugeukia, iwe hatua moja juu ya kichwa chake. Nitaandika tarakimu za mwisho tu za bei. Mshumaa wangu ulikuwa na kichwa 14.00, ukafunga 12.00. Stopu 14.25. Hasara niliyoikubali moyoni: pointi 2.25, mara dola 5, mara mikataba minne, dola 45.

Nikabonyeza. Nikapewa 09.25. Sijamaliza kushangaa, bei ikageuka, ikapita stopu yangu, na nikatolewa 16.75. Pointi 7.5. Dola 150. Yote hayo mahindi ya kuchoma mkononi hayajapoa.

Usiku nikafungua orodha ya miamala, mstari kwa mstari. Katika sekunde ile bei iliruka kutoka 15.50 hadi 09.50. Hakuna mtu duniani aliyeuza wala kununua kwa 12.00. Mshumaa nilioufuata haukuwahi kuwepo sokoni: baadhi ya programu za renji, bei ikiruka pengo, hujaza pengo hilo kwa mishumaa ya kubuni ili saizi ibaki ileile. Ukipima mkakati wako kwenye historia ya namna hiyo utaonekana bingwa, kwa sababu kompyuta inakupa bei ambazo hazikuwa za mtu yeyote. Kilichonichanganya zaidi, nilipofungua chati upya kesho yake na kuanzia siku nyingine ya historia, mishumaa ilijipanga tofauti kidogo. Renji inategemea imeanza kuhesabu wapi.

Halafu nikaangalia chati ya dakika moja, ile niliyoidharau. Mshumaa wa dakika hiyo ulikuwa na urefu wa pointi 31. Stopu ya nyuma ya mshumaa huo, kwa mikataba minne, ni zaidi ya dola 620. Ningeuona tu, ningeondoa mkono kwenye kipanya. Mshumaa wa muda unatisha soko likichafuka, na kutisha huko ndiko kazi yake. Renji ilichukua pointi 31 ikanikatia vipande vidogo vya saizi ninayoipenda, nikadhani hatari nayo imebaki saizi hiyo. Watu wanapenda chati inayowabembeleza, ndugu zangu. Mimi nilibembelezwa.

Kwa hiyo sasa renji haikai peke yake kwenye skrini yangu. Pembeni kuna chati ya dakika moja, na naangalia mshumaa wa renji umechukua sekunde ngapi. Ukifungwa chini ya sekunde kumi, siingii, hata kama umbo lake linaniita kwa jina. Benki Kuu ya Marekani inapotangaza riba, saa tatu usiku wao wakiwa kwenye saa za kiangazi na saa nne wakiwa kwenye za baridi, nazima kabisa. Tiki nayo haikuokoi hapo: miamala 1,000 inaweza kuisha kwa pumzi moja, na mshumaa ukawa mrefu vilevile.

Sasa wewe wa Mwanza na dhahabu yako. Kwenye MT5, ile programu ya kufanyia biashara unayopewa na broka, tiki unayoiona si muamala wa soko, ni mara ambayo broka wako amebadilisha bei. Dhahabu hiyo hainunuliwi kwenye soko moja lenye daftari moja kama MES. Kabla hujalipia programu yoyote ya chati za tiki, fungua akaunti za majaribio kwa mabroka wawili, weka chati ya dhahabu, XAUUSD, ya dakika moja kwenye zote, na linganisha safu ya Tick Volume kwa dakika zilezile. Ukikuta namba zinalingana, niandikie, maana mimi sijawahi kuzikuta.