Barua ya kufungulia akaunti ya biashara: taja miamala kwa misimu

"Nimesajili jina la biashara BRELA, duka la pembejeo hapa Moshi. Benki wanataka barua yenye makadirio ya miamala. Niandike nini?"

Mkuu, mimi nina duka kama hilo Arusha. Mwanzo wa barua ni mwepesi: tarehe, kwa Meneja wa tawi, kichwa cha habari, kisha unaorodhesha ulivyoambatanisha: cheti cha usajili na dondoo yake, TIN, leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA. Jina la duka liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti. Cheti kikisema "Enterprises" na barua ikasema "Enterprise", utarudishwa.

Aya ya miamala ndiyo ya kutulia nayo. Benki inawajibika kisheria kumjua mteja na chanzo cha fedha zake, na makadirio yako ndiyo watakayolinganisha na mwenendo halisi wa akaunti. Wengi huandika wastani wa mwaka, na kwa pembejeo wastani unapotosha. Chukua duka linalouza milioni 24 kwa mwezi kuanzia Februari hadi Aprili, na milioni 6 kwa kila mwezi uliobaki. Kwa mwaka ni milioni 126, wastani milioni 10.5. Ukiandika hiyo 10.5, Machi inaingia zaidi ya mara mbili ya ulichosema. Jirani yangu ilimkuta hivyo: akaitwa kujieleza, malipo yake kwa msambazaji yakasimama wakati wakulima wanadai mbegu.

Kwa hiyo andika hivi:

"Natarajia kuingiza takriban Sh 6,000,000 kwa mwezi, na takriban Sh 24,000,000 kwa mwezi kati ya Februari na Aprili, msimu wa kupanda. Fedha zitatokana na mauzo ya mbegu, mbolea na viuatilifu kwa wakulima, nyingi zikiwa taslimu na malipo ya simu. Nitalipa wasambazaji wa Arusha na Dar es Salaam kwa uhamisho wa benki, malipo makubwa zaidi yakiwa takriban Sh 15,000,000 kwa mara moja. Sitarajii fedha kutoka nje ya nchi."

Sentensi ya taslimu usiiache. Muuza pembejeo anapeleka noti dirishani karibu kila siku ya msimu, na ni bora wajue mapema. Na usipunguze namba kwa kuogopa kodi, maana mauzo yako TRA watayaona kwenye risiti za EFD. Kama huna daftari la mwaka uliopita, kadiria kwa mzigo utakaonunua pamoja na faida yako, halafu eleza kwamba biashara ni mpya.

Mtaji wa kuanzia utaje peke yake, mfano "Sh 5,000,000, akiba yangu ya mauzo ya kahawa", na uambatanishe stakabadhi za chama cha ushirika ukiwa nazo. Saini ifanane na ya kwenye fomu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukipata zabuni ya shule au shamba kubwa, peleka barua nyingine ya makadirio mapya kabla fedha hazijaingia.